Sentensi Tano za Mwaka wa Pili

Aziza amesuka vichwa vya watu kwa miaka kumi na saba katika ile njia ya maduka ya Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, inayoitwa Galerie d'Ixelles, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba hakuna mteja aliyewahi kujua jambo la nyumbani kwake ambalo yeye hakutaka lijulikane. Alijisifia hilo. Wenzake walimwaga maisha yao sinkini pamoja na maji ya shampuu. Yeye alisuka, akacheka ya wenzake, na ya kwake akarudi nayo nyumbani Berchem jioni kama alivyotoka nayo asubuhi.

Basi Jumatano ile, binti yake Rayhana alipoingia saluni mchana na mkoba mgongoni, akasimama nyuma ya kiti na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba anaomba ruhusa ya kuuandika ule ugonjwa, kitana kilimdondoka Aziza mkononi. Akakiokota, akakifuta kwenye aproni, akasema wataongea nyumbani. Mteja aliyekuwa kitini akajifanya anatazama simu yake.

Ilikuwa hivi. Rayhana anamaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya tiba hapa hapa Brussels, na chuo kimoja cha Uholanzi kinachofundisha namna magonjwa yanavyosambaa kinachukua wanafunzi ishirini na watano tu kwa mwaka. Tangu ana miaka kumi na sita mtoto huyu hataki kazi nyingine. Wanaotaka nafasi hupeleka orodha ya maksi zote na insha ya kurasa mbili ya kueleza kwa nini wachukuliwe. Na kwenye orodha ya Rayhana kuna shimo. Mwaka wa kwanza amepata kumi na nne na kumi na tano kwa ishirini, mwaka wa pili, kuanzia muhula wa pili, saba na nane, na kwenye masomo mawili pameandikwa tu kwamba hakuhudhuria. Kati ya krediti sitini za mwaka ule alipata thelathini. Baada ya hapo maksi zinapanda tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Msomaji yeyote mwenye macho atauliza kulikoni, na insha isipomjibu atajijibu mwenyewe. Mwisho wa kupeleka ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Nyumbani, kwenye ghorofa ya nne, Aziza hakungoja hata sufuria ichemke. Aliuliza ni nani huyo anayetaka kuambiwa habari za tumbo lake.

Rayhana akaeleza kwa utaratibu, maana alimjua mama yake. Chuoni kuna ofisi ya kushauri wanafunzi, na humo kuna dada anaitwa Manon ambaye kazi yake ni kusoma insha za namna hii. Rayhana alikuwa amempelekea ya kwake wiki iliyopita. Ukurasa mmoja mzima kati ya hizo mbili ulikuwa juu ya mwaka wa pili. Alikuwa ameandika kwamba ratiba ya maabara ilikuwa mbaya, kwamba mwalimu mmoja alikataa kumrudishia zoezi alilokosa, kwamba kulikuwa na matatizo ya kifamilia asiyoweza kuyaeleza, na kwamba maksi zile hazimwakilishi hata kidogo. Manon aliisoma yote, akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya mwanzo wa kila sentensi. Kila sentensi ilianza na mtu mwingine: mwalimu, ratiba, familia, hali. Akamwambia kwamba anayesoma insha mia tatu hana muda wa kusikiliza kesi. Akisoma "matatizo ya kifamilia" anajiuliza unaficha nini, na akisoma ukurasa mzima wa kujitetea anaona mtu ambaye bado yumo ndani ya ule mwaka hajatoka. Sema kilichotokea kwa maneno ya kawaida, alisema Manon, sema ulichokosea wewe, onyesha maksi zilizofuata, halafu rudi haraka kwenye unachotaka kusomea. Sentensi tano zinatosha.

"Kwa hiyo nataka kuandika kwamba ulifanyiwa upasuaji," alisema Rayhana. "Neno hilo tu. Sitasema wa nini."

Aziza akaja juu. Upasuaji wa nini, si ndilo swali la kwanza mtu anauliza? Wazungu wa Uholanzi asiowajua wakae mezani na kahawa yao, wajue kwamba Aziza binti wa Buyenzi ya Bujumbura alipasuliwa tumbo! Yeye aliyemficha hata dada yake wa damu! Kuna watu wanauza shida zao ili wahurumiwe, alisema, na yeye hakumlea mtoto wa kuuza. Na kama chuo hakitaki mtu mwenye maksi hizo, kibaki na viti vyake.

Hapa msomaji apewe haki yake aambiwe. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, Aziza alitolewa kizazi. Uvimbe ulikuwa umekua mpaka daktari akasema hakuna njia nyingine. Mumewe alishahamia Lille kwa mke mwingine zamani, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Lakini Aziza alijua midomo ya watu. Mwanamke akitolewa kizazi wanasema amekwisha, wanamwangalia kiunoni, wanapunguza sauti akipita. Tena alijua kiti cha saluni. Kiti kikikaa wazi wiki mbili, kinapata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo aliwatangazia wote kwamba anakwenda Bujumbura kumwona mama yake, na kwamba Rayhana atamshikia kiti mpaka arudi. Rayhana alijifunzia kusuka magotini pa mama yake, na mkono wake ni mwepesi. Aziza akalala ghorofa ya nne mapazia yamefungwa. Alitegemea wiki sita, lakini kidonda kilitunga usaha, ikawa miezi minne. Muuguzi alikuja asubuhi kusafisha kidonda. Mengine yote, kuanzia uji mpaka kiti cha saluni, yalikuwa ya Rayhana. Na neno moja alimwapisha: asimwambie mtu yeyote, iwe saluni, msikitini au chuoni.

Sasa mtoto huyo alikuwa amesimama jikoni, mikono ameikunja, wala halii. Angelia ingekuwa afadhali.

"Mama, nilikaa na hiyo siri miaka miwili," alisema. "Wenzangu wanafikiri nilikuwa nalewa. Mwalimu wa maabara anafikiri nilikuwa mvivu. Sasa naulizwa rasmi, kwa karatasi, kwa nini. Niwajibu nini? Nilikuwa mvivu?"

Aziza akajibu kwamba aandike matatizo ya kifamilia, neno zuri tu, kila familia inayo. Akaenda kulala bila kula, na alilala na hasira zake kama mtu na mume wake.

Alhamisi asubuhi hasira zilikuwa bado ziko palepale. Alizipeleka saluni kwa tramu, wala hakuzivua pamoja na koti. Mteja wa kwanza alikuwa Maman Pétronille, mama wa Bukavu, mnene, mcheshi, mtunza hazina wa chama cha kina mama wa parokia, ambaye husukwa kila baada ya wiki tatu na hulipia kwa maneno pia. Mwenye saluni, Kahambu, alikuwa pembeni anamkausha nywele mteja mwingine. Aziza alivuta nywele za Pétronille kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, akaanza kulalamika bila kutaja jina la mtu: vyuo vya siku hizi vinataka kujua mpaka kilichomo tumboni mwa mama wa mwanafunzi, kesho vitataka picha.

Pétronille akauliza kama ni Rayhana anaomba chuo. Akaitikiwa. Akatikisa kichwa kwa mapenzi, naye ndipo alipolisema, kwa wepesi kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

"Ule mutoto iko na akili, na mukono muzuri. Alinisukaka bien ile miezi yote ulikuwa mugonjwa."

Aziza akasimamisha mikono. Akasema yeye hakuwa mgonjwa, alikuwa Bujumbura.

Kahambu akazima mashine ya kukausha. Katika saluni ya Matonge, mashine ikizimwa watu wote wanajua kwamba kuna neno.

Pétronille alimwangalia kwenye kioo, si kwa ubaya. "Maman Aziza," alisema, "muntu anatoka Bujumbura miezi minne, anarudi bila ndagala hata kilo moja? Bila hata mafuta ya mawese? Bon. Ile siku ulirudi, ulikuwa unakaa chini kama muntu wa opération. Sisi wote tulizala batoto. Tulijua."

Nani asiyejua mizigo ya Bujumbura? Mtu akitoka kule, sanduku lake linanuka ndagala tangu uwanja wa ndege, wale dagaa wakavu wa Tanganyika, na kila mtu wa njia hii anapata chake kwenye mfuko wa plastiki. Asiyeleta anasemwa mwaka mzima. Na yeye, Aziza, aliyepanga uwongo wake kwa makini mpaka tarehe ya ndege, hakukumbuka hata kununua pakiti moja duka la tatu kutoka hapo. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemdai. Na hakushangaa, alifikiri wana adabu!

"Mlijua," alisema. "Tangu lini?"

Tangu wiki ya pili, alijibu Kahambu kwa sauti ndogo. Jirani wa Berchem alimwona muuguzi akipanda ngazi. Wakakaa, wakasema, yeye mwenyewe amesema yuko safari, basi yuko safari. Kumwambia vingine kungekuwa kumwita mwongo na kumvua nguo. Lakini hawakumtupa, Aziza asije akafikiri hivyo. Pétronille akageuka kitini, nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, akaeleza kwa fahari kidogo. Wale kina mama walijua kwamba kiti kikikaa wazi kinapotea. Kwa hiyo walipanga zamu. Kila aliyetaka kusuka alikwenda kwa Rayhana, hata waliokuwa na wasusi wao. Jumamosi ilikuwa imejaa, wakachukua na Alhamisi, kutwa nzima, wawili wawili, ili mtoto asikae bure.

Aziza akaomba arudie siku.

Alhamisi, alisema Pétronille. Waliijaza Alhamisi kabisa.

Alhamisi ilikuwa siku ya maabara. Aziza alijua hilo sasa, maana Rayhana alimweleza usiku ule wa Jumatano. Maabara ilikuwa ya lazima, kila Alhamisi kuanzia saa tatu, na asiyehudhuria mara tatu haruhusiwi mtihani. Rayhana alimwambia mama yake wakati ule kwamba wateja wa Alhamisi wamezidi, na Aziza, kitandani, alimjibu ashukuru Mungu, mteja hafukuzwi. Mtoto hakuweza kuwaambia wateja nina shule, maana wangeuliza mama yako anarudi lini. Na wateja hawakuweza kumuuliza mtoto kama ana shule, maana angejua kwamba wanajua. Wote wakanyamaza kwa heshima, wakimtunzia Aziza siri ambayo haikuwa siri, na gharama ya adabu yao wote ikalipwa na msichana mmoja wa miaka kumi na tisa, kwa maksi.

Hasira aliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa mchezo. Hii ilikuwa ya kweli. Aliwaambia yaliyomjia. Aliwauliza ni ubinadamu gani wa kumwona mtoto wa watu anasuka kutwa nzima katikati ya muhula bila kuuliza anasoma saa ngapi. Aliwauliza kama katika vichwa vyote alivyosuka Rayhana hakukuwa na kimoja chenye ulimi. Kahambu alitazama sakafu. Pétronille alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno lililomkata maini kwa sababu hakulisema kwa ukali.

"Uko na haki. Lakini ni wewe ulifunga mulango, maman. Sisi tulipitisha chakula dirishani."

Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, na Aziza alimaliza kichwa kile huku methali ile inamzunguka na kumcheka. Kuzaa ameshazaa mmoja tu, na ni huyo mmoja ambaye yeye mwenyewe alimfungia mlango.

Jioni alimkuta Rayhana mezani na kompyuta. Hakuvua hata viatu. Akamwambia aandike upasuaji. Aandike na jina la kilichotolewa kama wanataka, kizazi, kwa Kilatini, kwa Kiholanzi, kwa lugha yoyote wanayosoma. Rayhana akasema jina halihitajiki, si kwa sababu ya aibu, ila kwa sababu insha si ya kizazi. Hizo sentensi alikuwa ameshaziandika tangu mchana, akingoja ruhusa. Ziliandikwa kwa Kiingereza, akazisoma kwa Kiswahili, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Katika mwaka wangu wa pili nilipata nusu tu ya krediti zangu. Mwezi Februari mama yangu alifanyiwa upasuaji mkubwa, na kwa miezi minne nilimuuguza na kushika kazi yake, nikakosa maabara za lazima. Sikumweleza mtu yeyote chuoni wala sikuomba kupunguziwa masomo, jambo lililowezekana, na hilo lilikuwa kosa langu. Mwaka uliofuata nilirudia yote niliyoyakosa, pamoja na sehemu ya mwaka wa tatu, kwa wastani wa kumi na tano kwa ishirini. Tangu hapo nikiona mzigo unanizidi, nasema mapema."

Baada ya hapo insha iliendelea na surua na chanjo, na ramani ya mitaa ya Brussels ambako watoto hawachanjwi, na hapo sauti ya Rayhana ikabadilika, ikawa ya mtu anayependa anachokisema. Lakini Aziza hakuwa anasikiliza tena surua.

"Rudia ile ya tatu," alisema.

Rayhana akairudia.

"Kosa lako? Ni mimi niliyekukataza. Nilikuapisha kwa Msahafu. Futa hapo. Andika mama alinikataza."

Rayhana akatikisa kichwa. Alieleza kwamba akiandika hivyo, sentensi inaanza tena na mtu mwingine, na wanaosoma hawamchagui mama yake, wanamchagua yeye. Wanataka kujua tu kama shida ikija tena atasema au atanyamaza. Na kwa kweli angeweza kusema. Mlango wa ofisi ile ya ushauri ulikuwa wazi siku zote na alipita mbele yake kila Jumatatu. Aliogopa. Kuogopa kulikuwa kwake.

Aziza alipiga meza kwa kiganja. Akasema huo si uungwana wowote, ni ujanja wa watu wenye maisha mepesi, kumtaka mtoto aliyebeba nyumba kichwani atie sahihi kwamba yeye ndiye mkosaji, tena kwa sentensi fupi, tena bila kununa. Akasema huyo Manon hajawahi kukanda mgongo wa mtu usiku. Alisema mengi, na yote yalikuwa kweli, na Rayhana alikubali kwamba ni kweli.

"Ndiyo maana siyaandiki, Mama," alisema. "Nikiyaandika watasikia kelele. Wewe umeshayasikia. Hiyo inanitosha."

Aziza akakaa. Akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi. Baadaye akasema sentensi ibaki, lakini asidhani kwamba ameikubali.

Ijumaa Rayhana alikuja saluni na kompyuta yake, maana ndiko alikotaka kuwa wakati wa kupeleka. Saa tisa na robo alibonyeza, ikaenda. Hakuna aliyepiga vigelegele, kwa sababu nafasi ishirini na tano ni nafasi ishirini na tano, na majibu yangekuja Mei. Kahambu, ambaye tangu jana alikuwa anatafuta njia ya kuwa mwema, aliinua uso kutoka kwenye daftari la miadi. Kulikuwa na harusi, alisema, wasichana sita wa kusukwa Alhamisi ijayo. Kama Rayhana ana nafasi, aje kumsaidia mama yake, itakuwa vizuri.

Saluni ilikuwa imejaa. Pétronille hakuwapo, lakini walikuwapo wengine watano, na mlango ulikuwa wazi, watu wanapita. Aziza aliweka kitana chini. Akazungumza kwa sauti ile anayoitumia kumwita mteja aliyeko nje.

"Alhamisi Rayhana ana maabara. Na mimi Alhamisi asubuhi niko hospitali, nakwenda kuangaliwa. Nilitolewa kizazi miaka miwili iliyopita, sikuwa Bujumbura. Huyu mtoto alisuka vichwa vyenu akafeli shule, na ni mimi niliyemfunga mdomo. Waambie wa harusi waje Ijumaa."

Rayhana alikuwa ameinamia mkoba wake, anafunga zipu iliyokwisha kufungwa. Kahambu akafuta Alhamisi, akaandika Ijumaa.